Mazungumzo ya saa mbili, muhtasari wa urefu gani?

Tulipomrikodi bibi mmoja hapa Maskati, mazungumzo yalichukua saa mbili. Alizaliwa Unguja, akaondoka 1964 akiwa msichana mdogo, na kumbukumbu zake bado ni nyingi. Tulihesabu maneno katika dakika tano tulizozichagua sehemu mbalimbali, tukapata wastani wa maneno 110 kwa dakika. Basi mazungumzo yote ni maneno 13,000 na ushei, sawa na kurasa 33 zilizopigwa chapa.

Tukaandika muhtasari wa kurasa nne, tukawapa watu watatu. Haukumfaa hata mmoja. Msimamizi wa maktaba yetu alisema hana nafasi ya kurasa nne katika orodha yake. Mtafiti wa mambo ya biashara ya majahazi alisema amesoma khabari za baba wa bibi huyo, lakini hajui azisikilize dakika ya ngapi. Na mjukuu wake akatwambia, kwa adabu, kwamba hakumsikia bibi yake mle ndani.

Hapo tukaona kwamba tulianza na swali baya. Tulijiuliza saa mbili zinastahili kurasa ngapi, badala ya kuuliza msomaji akishamaliza kusoma atafanya nini.

Anayepitia orodha ya maktaba anataka kuamua jambo moja tu: asikilize au apite. Kwake yeye tuliandika maneno 130. Tulitaja alikozaliwa msimuliaji, miaka inayozungumzwa, miji, mambo makubwa manne, na kwamba anazungumza Kiswahili cha mjini Unguja na kuingiza Kiarabu anapomtaja baba yake. Hilo la lugha watu hulisahau, na asiyejua Kiswahili hupoteza safari.

Mtafiti atarudi kwenye sauti yenyewe, kwa hiyo anahitaji ramani. Tulimwandikia mistari 26, kila mmoja ukianza na dakika. Hatukukata kila baada ya dakika tano kama saa ya ukutani. Tulikata pale mazungumzo yalipogeuka. Ndiyo maana fungu moja lina dakika 11 na jengine dakika mbili. Jumla ilifika maneno kama 700, na mtafiti hakulalamika kwamba ni mengi, kwa sababu hayasomi yote. Anatafuta mstari wake.

Kazi ngumu ilikuwa ya wajukuu. Tulidhani wao watatosheka na ufupi, kumbe wao ndio waliotaka maelezo marefu zaidi. Bibi anasema tu, “Baba alikuja na kaskazi.” Mtafiti anaelewa. Mjukuu aliyezaliwa Maskati hajui kwamba kaskazi ndio upepo uliosukuma majahazi kutoka Arabuni hadi pwani ya Afrika, kiasi cha Disemba hadi Machi, na kwamba wenye vyombo walingoja kusi ili warudi. Neno moja la bibi likawa sentensi mbili zetu. Lakini tulipofidia kwa kufupisha maneno ya bibi, sauti yake ikatoweka. Mwishowe tulimpa mjukuu kurasa mbili: nusu maelezo yetu, nusu vipande vitatu vya maneno ya bibi, neno kwa neno, pamoja na vituo vyake na “enhe” zake.

Kuna kosa tulilolifanya katika zote tatu mwanzoni. Bibi alizungumza dakika 40 juu ya harusi ya dada yake, na dakika tatu tu juu ya usiku walioondoka nyumbani. Tulipogawa maneno kwa kufuata dakika, usiku ule ulipata nusu mstari. Tulipourekebisha tukapitiliza: rasimu ya pili ilikuwa karibu yote khabari za usiku ule. Tulimpa mtu ambaye hakusikiliza, tukamuuliza bibi alizungumza nini hasa. Hakuitaja harusi kabisa. Sasa tunaandika urefu wa kila jambo wazi: “dakika tatu, kwa sauti ya chini, kisha akaomba maji.”

La pili ni shaka. Bibi alisema, “Nadhani baba alikuja kabla ya vita, sina hakika.” Katika rasimu ya maneno 130 “nadhani” ilikuwa neno la kwanza kukatwa, na baba akawa amekuja kabla ya vita bila ya shaka yoyote. Mwanawe alituonesha kosa hilo. Tulilirejesha neno, tukaondoa jina la mtaa ili nafasi itoshe.

Mjukuu alisoma kurasa zake mbili, kisha akaomba sauti ya dakika ya 88 hadi ya 91.