Kopo moja halikutosha: namna ya kupima eneo la nje la tenki la duara kabla ya kuagiza rangi

Mwezi wa sita uliopita kijana mmoja wa huku Newala alinipigia simu. Ni mkulima wa korosho, na nyuma ya nyumba ana tenki la kuvunia maji ya mvua, la duara, la tofali na plasta, lenye mfuniko wa zege juu. "Kaka, rangi imekata," akaniambia. "Nimebakiza kipande upande wa jikoni, na fundi anadai kopo lilikuwa pungufu."

Nikamwomba picha. Kweli, tenki lote jeupe safi, ila upande mmoja limebaki pengo kama mlango, upana wa mita moja hivi, plasta inaonekana. Mfuniko wa juu haujaguswa. Na huo ulikuwa mkono wa kwanza tu, ule fundi anaouita koti ya kwanza. Mkono wa pili haupo kabisa.

Kopo halikuwa pungufu. Hesabu ndiyo ilikuwa pungufu. Leo naieleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, maana nimeiona ikikosewa Masasi, nimeiona Newala, na kila mara anayelipa ni mkulima: nauli ya kurudi mjini, siku ya fundi iliyopotea, na wakati mwingine rangi ya pili haifanani na ya kwanza.

Fundi alikosea wapi?

Nilimuuliza alipimaje. Akasema fundi alisimama mbele ya tenki, akakadiria upana mita 3.5, akapima kimo mita 2.4, akazidisha, kisha akazidisha mara mbili kwa kuwa kuna mbele na nyuma. Yaani 3.5 × 2.4 = 8.4, mara mbili ni mita za mraba 16.8.

Hiyo ni hesabu ya ubao, si ya tenki. Ukuta wa duara haupiti moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule, unazunguka. Chukua kamba uizungushe nusu ya tenki, halafu uinyooshe chini. Utaona ni ndefu kuliko upana wa tenki kwa zaidi ya nusu ya upana huo. Ndiyo maana hesabu ya "mbele na nyuma" lazima ipunje.

Pima mzingo, usihangaike na kipenyo

Shuleni tulifundishwa kuanza na kipenyo au nusu kipenyo, halafu pai. Kwa tenki lililokwishajengwa hiyo ni njia ngumu. Huwezi kupitisha futi katikati ya tenki lenye mfuniko, na ukipima kwa macho utakosea. Nje unaweza kuuzungukia ukuta wote, kwa hiyo pima mzingo wenyewe.

Futi ya mita 5 haitoshi kuzunguka. Tumia kamba ya katani au ya kawaida isiyovutika. Nailoni ukiikaza inarefuka na kukudanganya. Zungusha kamba ikiwa imelala usawa, weka alama inapokutana, ilaze chini kisha ipime. Rudia karibu na chini, katikati na karibu na juu, maana plasta ya mkono haiko sawa kila mahali. Chukua wastani. Tenki la kijana wetu lilitoa mita 11.

Kimo nacho kipime pande nne, kuanzia usawa wa ardhi hadi chini ya mfuniko. Kiwanja chake kina mteremko kidogo, hivyo tulipata 2.3, 2.4, 2.5 na 2.4. Wastani ni mita 2.4.

Sasa ukichana ukuta wa tenki kwa mawazo na kuutandika chini, unapata mstatili: urefu wake ni mzingo, upana wake ni kimo.

Ukuta: 11 × 2.4 = mita za mraba 26.4

Linganisha na 16.8 ya fundi. Hapo tayari zimepotea karibu mita 10 za mraba.

Mfuniko: hapa kipenyo kinatafutwa

Mfuniko ndio unaopigwa na jua kutwa nzima na kunyeshewa moja kwa moja, kwa hiyo usiuache. Kupata eneo lake, gawanya mzingo kwa 3.14 upate kipenyo: 11 ÷ 3.14 = 3.5. Nusu yake ni 1.75. Zidisha nusu hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14.

Mfuniko: 1.75 × 1.75 × 3.14 = mita za mraba 9.6

Jumla: 26.4 + 9.6 = mita za mraba 36

Angalia makosa mawili hapa. La kwanza, ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili ukatumia 3.5, mfuniko utakuwa mara nne ya ukubwa wake. La pili linawapata waliofaulu hesabu: kanuni ya kitabuni ya eneo lote la mcheduara inahesabu duara mbili, juu na chini. Kwa tenki hili ingekupa mita za mraba 45.6. Lakini kitako cha tenki kimekaa ardhini. Nani atakipaka?

Kama mfuniko wako umetokeza nje ya ukuta, upime mzingo wake peke yake. Kama ni wa kuba kidogo, usijisumbue. Kuba iliyoinuka sentimita 40 juu ya tenki kama hili inaongeza nusu mita ya mraba tu.

Kutoka mita za mraba kwenda lita

Hapa ndipo kosa la pili la fundi lilipojificha. Kopo liliandikwa kwamba lita moja inapaka mita za mraba 10. Akagawa: 16.8 mara mikono miwili ni 33.6, gawa kwa 10, lita 3.4. Akanunua kopo moja la lita 4 akiamini itabaki.

Namba ya kwenye kopo ni ya ukuta laini ulioandaliwa vizuri. Plasta yetu ya mchanga wa huku ina chengachenga na inakunywa rangi, hasa mkono wa kwanza. Usibishane na kopo, jaribu kwenye ukuta wako mwenyewe. Pima lita moja kwa chupa ya maji, paka kuanzia juu hadi chini ukisogea pembeni, mpaka iishe. Kisha pima umesogea kiasi gani.

Yeye lita zake nne zilipaka ukuta wote isipokuwa pengo la mita moja. Yaani zilipita mita 10 kati ya 11 za mzingo. Kumi gawa kwa nne, kila lita ilisogea mita 2.5. Zidisha kwa kimo cha 2.4: lita moja imepaka mita za mraba 6, si 10. Mkono wa pili hunywa kidogo zaidi ya hapo kwa sababu ukuta umeshashiba. Tukaukadiria kwa mita 8 kwa lita.

Mkono wa kwanza: 36 ÷ 6 = lita 6
Mkono wa pili: 36 ÷ 8 = lita 4.5
Jumla lita 10.5. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya rola, brashi na inayomwagika: lita 11.6

Makopo matatu ya lita 4. Alikuwa na moja, akaongeza mawili, na kazi ikaisha. Angefuata kanuni ya kitabuni yenye kitako ndani yake, hesabu ingefika lita 14.6 na angenunua makopo manne. La nne lingekaukia stoo.

Makopo yote yanunue siku moja na uangalie namba ya toleo iwe ileile, hasa kama rangi imechanganywa dukani.

Kama ni kizuia maji cha unga

Hiki huuzwa kwa kilo, na mfuko unaandika kilo ngapi kwa mita ya mraba kwa kila mkono. Hesabu inageuka: hugawi, unazidisha. Mfuko ukisema kilo 1.5, na unataka kuziba mfuniko tu kwa mikono miwili, ni 9.6 × 1.5 × 2 = kilo 28.8, kabla ya kuongeza ya kumwagika. Ukichanganya njia hizi mbili, ukagawa badala ya kuzidisha, utarudi dukani mara tatu.

Kabla ya kufungua kopo

Rangi ya nje hailindi kitu kama maji yanatoka ndani. Yanausukuma ukuta kutoka nyuma, rangi inatoa malengelenge kisha inabanduka kama ganda. Namna ya kujua: jaza tenki, ukuta wa nje ukiwa mkavu bandika kipande cha nailoni nyeupe cha nusu mita na ukizibe kingo zote kwa selotepu, kisha ukiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani. Hapo hela ya rangi ipeleke kwanza kwenye kuziba ndani. Eneo la ndani lina vipimo vyake, maana unene wa ukuta unapunguza mzingo, na humo sakafu inahesabiwa.

Plasta mpya nayo iache siku 28 ikomae. Ukuta wa zamani usugue ukoga wote, la sivyo rangi itashika ukoga badala ya plasta.

Kwa nini nasisitiza mwezi wa sita hadi wa kumi? Uwanda huu wa Makonde maji yanazama chini sana kwenye mchanga. Mito juu hatuna, na tangu miaka ya 1950 maji ya bomba yanasukumwa kupanda kutoka bondeni. Yakikatika katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho, dawa ya maji inachanganywa kwa kile kilichomo kwenye tenki lako. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili, ukuta umeshalowa na hakuna rangi itakayoshika. Kwa hiyo kamba yako izungushe sasa, andika namba mbili, mzingo na kimo, kwenye karatasi, na uende nayo dukani mfukoni. Muuzaji akikuuliza tenki ni lita ngapi, mwambie hujaja kununua maji.