Induksheni inapovuka omega

Jumlisha namba witiri kuanzia 1. Moja na 3 ni 4. Ongeza 5 upate 9. Ongeza 7 upate 16. Kila jibu ni mraba wa namba nzima. Mwalimu wa hisabati huthibitisha kwamba jambo hili halikomi kwa njia ya induksheni: anaonyesha kuwa ni kweli mwanzoni, kisha anaonyesha kuwa likiwa kweli kwa n, ni kweli pia kwa n + 1, maana n² + 2n + 1 ni sawa na (n + 1)². Hatua hizo mbili zinatosha kwa sababu kila namba ya kuhesabia inafikiwa kwa kuongeza moja moja kutoka mwanzo.

Sababu hiyo ndiyo iliyobeba uthibitisho wote, na huko mbele inakatika. Mwaka 1883 mwanahisabati wa Ujerumani, Georg Cantor, alichapisha nadharia ya namba za mpangilio zinazoendelea hata baada ya 0, 1, 2, 3 na nyingine zote kama hizo. Ya kwanza baada yao inaitwa omega, ω. Inafuatwa na ω + 1, ω + 2, na mbali zaidi ω², hata ω^ω.

Sasa chukua sifa hii: namba zilizoitangulia zina idadi yenye mwisho. Sifuri inayo. Namba yoyote ikiwa nayo, inayoifuata inayo pia. Masharti yote mawili ya mwalimu yametimia, lakini ω haina sifa hiyo, kwa kuwa imetanguliwa na namba zisizo na mwisho. Hakuna namba ambayo ukiiongezea 1 utapata ω, kwa hiyo hatua ya kutoka n kwenda n + 1 haiigusi kamwe.

Dawa yake ni kubadili swali. Badala ya kuuliza habari za namba moja iliyotangulia, tunauliza: ikiwa namba zote zilizo chini ya a zina sifa fulani, je, a nayo inayo? Jibu likiwa ndiyo kwa kila a, sifa hiyo ni ya zote. Tuseme sivyo, kuna zinazoikosa. Namba za Cantor zimepangwa vema, yaani kila kundi lisilo tupu lina mwanachama aliye mdogo kuliko wote. Basi chukua iliyo ndogo kuliko zote zinazoikosa. Zilizo chini yake zote zina sifa, kwa hiyo nayo lazima iwe nayo, na tumejipinga. Hakuna aliyepanda ngazi moja moja. Hoja hii isingesimama kwenye sehemu chanya, maana 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea hazina iliyo ndogo kuliko zote.

Kwa njia hii tunapata jambo ambalo, kwangu, ndilo zuri kuliko yote hapa: mteremko wowote kwenye namba hizi lazima ukome. Ikiwa kila mteremko unaoanzia chini ya a unakoma, basi unaoanzia a nao unakoma, kwa kuwa hatua yake ya kwanza tu inaushusha chini ya a.

Mwaka 1944 Mwingereza Reuben Goodstein alilitumia hilo kwa namba za kawaida kabisa. Andika 4 kama 2². Geuza kila 2 kuwa 3, hata ya kwenye kipeo, upate 3³, yaani 27. Toa 1: 26, ambayo ni 2·3² + 2·3 + 2. Geuza kila 3 kuwa 4, upate 42, na ukitoa 1 ni 41. Endelea hivyo: 60, 83, 109. Namba zinapanda, na zitapanda kwa muda mrefu kupita kiasi. Goodstein alithibitisha kwamba hatimaye zitafika 0, na ndivyo ilivyo kwa namba yoyote utakayoanza nayo.

Weka ω mahali pa kizio katika kila hatua. Namba 4 inakuwa ω^ω. 26 inakuwa ω²·2 + ω·2 + 2. 41 inaishia na + 1 badala ya + 2, na 60 haina mkia huo. Kutoka 60 kwenda 83, ω·2 inavunjwa kuwa ω + 5. Kubadili kizio hakuigusi namba hii ya pili. Kutoa 1 ndiko kunakoishusha kila mara. Mteremko huo lazima ukome, na safu ya Goodstein inakoma pamoja nao.

Mwaka 1982 Laurie Kirby na Jeff Paris walionyesha kwamba kanuni za Peano, ambazo induksheni yake ni ile ya mwalimu, haziwezi kuthibitisha matokeo haya kwa namba zote kwa pamoja. Kwa 4 peke yake zinaweza, na kwa namba nyingine yoyote utakayoitaja pia zinaweza. Zinaposhindwa ni pale unapozitaka ziseme “kila namba” katika uthibitisho mmoja.