Kutoka Ujumbe wa Simu hadi Barua ya Rufaa

Mkazi wa Kemambo anayepewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma huondoka na bahasha. Daktari bingwa atakayempokea hamfahamu, hivyo huanza na yale yaliyoandikwa ndani yake. Mara nyingine barua hiyo huanzia kwenye ujumbe ambao tabibu amemtumia mwenzake kwa simu huku foleni ikimsubiri. Tumetunga mfano:

"Me 41, kikohozi miezi 3, pumzi inabana akipanda kilima. Makohozi TB hasi x2. Amoksi haikusaidia. Oksijeni 91. Eksirei madoa juu pande zote. Mchimbaji. ?silikosisi."

Mwandishi wa barua hawezi kunyoosha sentensi hizi tu, kwani ujumbe una mapengo. Oksijeni asilimia 91 ilipimwa mgonjwa akiwa ametulia, au baada ya kutembea? Amoksilini alitumia kwa siku ngapi? Ana mzio wa dawa? Ujumbe hausemi, na kuandika "hana mzio" wakati hakuulizwa ni kosa la hatari. Majibu hutafutwa kwa tabibu na kwa mgonjwa mwenyewe, wala hayabuniwi.

Neno "mchimbaji" ndilo lenye uzito kuliko yote. Silikosisi hutokana na kuvuta vumbi laini la mawe kwa muda mrefu, kwa hiyo bingwa anahitaji kujua kazi yenyewe na miaka yake. Baada ya kuuliza, barua inasomeka hivi (kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza):

"Namleta kwako mwanamume wa miaka 41 kwa uchunguzi wa mapafu. Amekohoa kwa miezi 3 na hubanwa pumzi apandapo kilima. Kwa miaka 12 amechoronga na kusaga mawe makavu bila kinga ya vumbi. Makohozi yalipimwa mara mbili kwa mashine ya vinasaba. Kifua kikuu hakikuonekana. Alitumia amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 7 bila nafuu. Oksijeni akiwa ametulia ni asilimia 91. Eksirei, iliyoambatanishwa, ina madoa sehemu za juu za mapafu yote mawili. Hajui kuwa na mzio wa dawa. Tunashuku silikosisi, haijathibitishwa. Tunaomba uthibitishe ugonjwa na utushauri kuhusu matibabu na kazi yake."

Alama ya kuuliza katika ujumbe imekuwa "tunashuku". Ikipotea, dhana husomwa kama ugonjwa uliothibitika, na uchunguzi wa kifua kikuu huweza kusimama mapema. Hilo si dogo, kwa maana mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na jibu hasi la leo halimkingi kesho.

Kabla ya kuondoka kituoni, mgonjwa aangalie kama barua ina tarehe, jina na saini ya tabibu, muhuri na namba ya simu ya kituo. Abebe picha yenyewe ya eksirei pamoja na paketi za dawa alizotumia. Akirudi, alete majibu ya bingwa kituoni ili yaingizwe kwenye faili lake.