Pete Tatu za Apollo na Namba Nne za Hamilton

Julai 1969, Michael Collins alikuwa peke yake ndani ya chombo cha Columbia akiuzunguka Mwezi, wenzake wawili wakiwa wameshuka chini. Houston wakamwita redioni kumwonya kwamba chombo chake kinasogelea mno mkao wa hatari, na kwamba ni afadhali ajitoe hapo. Collins akaitika, kisha kwa utani akaomba zawadi ya Krismasi: wamtumie pete ya nne.

Pete aliyoitaka ilikuwa ya mtambo ulioiambia kompyuta ya Apollo chombo kimeelekea wapi. Katikati ya mtambo huo palikuwa na jukwaa dogo lililobeba jairoskopu, vifaa vinavyozunguka kwa kasi na kutambua hata mgeuko mdogo. Jukwaa lilitakiwa kubaki limeelekea upande uleule wa anga, chombo kigeuke kitakavyogeuka. Ili liachwe huru hivyo, lilishikwa na pete tatu zilizopachikana, ya ndani, ya kati na ya nje, kila moja ikizunguka kwenye mhimili wake. Ukipima pembe tatu kati ya pete hizo, umejua mkao wa chombo.

Pete ya kati ndiyo iliyokuwa na matata. Ikigeuka hadi nyuzi 90, mhimili wa pete ya nje na ule wa pete ya ndani hulala kwenye mstari mmoja. Mashine bado ina pete tatu, lakini zinafanya kazi ya mbili. Chombo kikigeuka kwenye upande ule wa tatu uliokosa mhimili, hakuna pete ya kuumeza mgeuko huo, na jukwaa linaburutwa pamoja na chombo. Hapo kompyuta haina tena kitu cha kulinganisha nacho.

Kwa hiyo wahandisi waliweka tahadhari mbili. Pembe ya pete ya kati ilipopita nyuzi 70, taa iliwaka kumwonya rubani. Ilipofika 85, kompyuta yenyewe ilisitisha kazi ya jukwaa, na baada ya hapo rubani alilazimika kulipanga upya kwa kulenga nyota kwa darubini. Vyombo vya Gemini vilivyotangulia vilikuwa na pete nne, na ile ya ziada ilizuia mihimili isilaliane. Kwa Apollo waliamua kupunguza uzito na ugumu wa mtambo, wakitegemea kwamba rubani ataikwepa pembe hiyo. Utani wa Collins ulikuwa na mwiba ndani yake.

Mtu angedhani tatizo hili ni la chuma tu, na kwamba kompyuta isiyo na pete yoyote imesalimika. Sivyo. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, alionyesha kwamba mkao wowote wa kitu unaweza kuelezwa kwa pembe tatu, na anayeandika programu ya mchezo au ya kuongoza droni mara nyingi huanza na hizo. Kila pembe ina mhimili wake, na mihimili hiyo imepangwa kwa zamu, mmoja ukiubeba mwingine. Hizo ni pete zilezile, ila sasa zimeandikwa kwa namba.

Tuchukue ndege. Kwanza igeuke kulia ikiwa sambamba na ardhi, hiyo ni pembe ya uelekeo. Kisha iinue pua. Mwisho ijizungushe kwenye mstari wa kiwiliwili chake, ubavu mmoja ukishuka na mwingine ukipanda. Sasa pua iinuke nyuzi 90, itazame juu kabisa. Kiwiliwili kimesimama wima, na kujizungusha juu yake ni sawasawa na kubadili uelekeo. Ndege iliyoandikwa uelekeo 30, pua 90, ubavu 0, na ile iliyoandikwa uelekeo 0, pua 90, ubavu −30, ziko katika mkao mmoja. Kuna majibu mengine yasiyo na idadi, mradi tofauti ya uelekeo na ubavu iwe ileile. Wakati huohuo, ukitaka kuisogeza pua kidogo tu kuelekea ncha ya bawa, huwezi kwa kubadili pembe hizo kidogo kidogo. Lazima kwanza uelekeo uruke nyuzi 90 kwa ghafla.

Balaa huanza kabla ya kufika pale. Kasi ya kubadilika kwa uelekeo hugawanywa kwa kosini ya pembe ya pua. Pua ikiwa nyuzi 89, mgeuko wa pembeni wa nyuzi 1 kwa sekunde husomeka kama uelekeo unaokimbia nyuzi 57 hivi kwa sekunde. Kwenye kioo cha kompyuta dalili yake ni kitu kinachokwenda taratibu kisha ghafla kinapiga pindu, au namba mbili zinazorukaruka pamoja ilhali kitu chenyewe kimetulia. Anayeona hivyo aitazame pembe ya kati kwanza kabla ya kukilaumu kipimo.

Dawa ilikuwapo muda mrefu. Tarehe 16 Oktoba 1843 William Rowan Hamilton alikuwa akitembea na mkewe kando ya Mfereji wa Royal, Dublin, alipopata kanuni aliyokuwa akiitafuta kwa miaka, akaichonga kwenye jiwe la daraja la Broom:

```
i² = j² = k² = ijk = −1
```

Namba zinazofuata kanuni hiyo huitwa kwatanioni, na kila moja ina sehemu nne. Zinafaa kwa mizunguko kwa sababu Euler alithibitisha jambo la pili: hata ukigeuza kitu mara nyingi kwa pande tofauti, matokeo yake ni sawa na mzunguko mmoja kwenye mhimili mmoja. Kwatanioni huuhifadhi mhimili huo pamoja na nusu ya pembe:

```
q = cos(θ/2) + sin(θ/2)(xi + yj + zk)
```

Chukua dadu. Izungushe nyuzi 90 kwenye mhimili wa x, kisha nyuzi 90 kwenye mhimili wa z. Nusu ya 90 ni 45, ambayo kosini na saini yake ni 0.707. Mzunguko wa pili huandikwa kushoto:

```
(0.707 + 0.707k)(0.707 + 0.707i)
= 0.5 + 0.5i + 0.5j + 0.5k
```

Hiyo `0.5j` imetokea kwa sababu `ki = j`. Nusu ya pembe ni ile ambayo kosini yake ni 0.5, yaani 60, kwa hiyo pembe nzima ni 120. Mhimili unaegemea x, y na z kwa kiasi sawa, maana yake unapita kona hadi kona ya dadu. Mizunguko miwili ya robo imekuwa mmoja wa theluthi, na anayetilia shaka achukue dadu ajaribu. Hakuna mhimili uliobebwa na mwingine, kwa hiyo hakuna mihimili ya kulaliana.

Mwaka 1985 Ken Shoemake alionyesha jinsi ya kutumia namba hizi katika katuni za kompyuta, ili kitu kitoke mkao mmoja hadi mwingine kwa kasi isiyobadilika, kwenye mhimili mmoja, badala ya pembe tatu kila moja kushika njia yake. Leo programu za kutengenezea michezo, kama Unity, huhifadhi mkao kwa kwatanioni, ingawa humwonyesha mtumiaji pembe tatu kwa kuwa binadamu huzielewa upesi. Mtego ndio huo: mwandishi wa programu akizisoma pembe hizo, akaongeza kidogo na kuzirudisha kila picha, ugonjwa wa nyuzi 90 unarudi.

Kwatanioni nazo zina masharti. Makosa madogo ya kukokotoa hujilimbikiza, hivyo urefu wake lazima urudishwe kuwa 1 mara kwa mara. Pia q na −q ni mkao uleule. Kabla ya kusafirisha kitu kati ya mikao miwili, programu huzidisha sehemu kwa sehemu na kujumlisha. Jibu likiwa hasi, hugeuza alama za kwatanioni moja. Hatua hiyo ikisahaulika, kamera iliyotakiwa kugeuka nyuzi 20 huzunguka 340 kwa upande wa pili, kisha ikasimama palepale ilipotakiwa kufika.