Kilo zinapopanda, dozi hubaki nyuma

Katika ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, ute mzito huziba mirija ya kongosho, na vimeng'enya vya kusaga chakula havifiki utumboni. Mtoto anakula sana lakini hanenepi, na choo chake kina mafuta na harufu kali.

Chukua mtoto wa miaka 3 mwenye kilo 12. Dozi ya kuanzia ni yuniti 1,000 za lipesi kwa kilo kila mlo, yaani 12,000. Kitafunwa hupewa nusu. Kapsuli hufunguliwa, chembe zikachanganywa na tunda lililopondwa lenye uchachu, zikamezwa bila kutafunwa. Maziwa hayafai kuchanganyia, kwani huyeyusha ganda linalozikinga na asidi ya tumbo.

Akifika kilo 15 kwa dozi ileile, anapata 800 tu kwa kilo. Ndiyo maana kliniki humpima uzito na urefu kila ziara. Mstari wake kwenye chati ukishuka, kwanza huulizwa kama anameza kila mlo, na kapsuli hazikuachwa juani. Kisha dozi hupandishwa, bila kuvuka 2,500 kwa kilo kwa mlo au 10,000 kwa kilo kwa siku. Dozi kubwa mno zimewahi kusababisha makovu yaliyobana utumbo mpana.