Kupima kimo cha mche kwa picha

Mche wa nyanya kitaluni unaweza kupimwa kimo wiki hadi wiki bila kuguswa, kwa kuupiga picha ukiwa na rula kando yake. Picha hubaki kama kumbukumbu, na kipimo chenye shaka huweza kurudiwa hata baada ya mche kupandikizwa.

Rula husimamishwa wima sambamba na shina, kwa umbali uleule kutoka kwenye kamera. Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Kitu kilicho mbali huonekana kidogo, kwa hiyo rula ikiwa nyuma ya mche, alama zake husinyaa na mche husomeka mrefu kuliko ulivyo. Kamera ikiwa sentimita 50 kutoka kwenye mche, na rula sentimita 5 nyuma yake, mche wa sentimita 20 utasomeka 22. Simu nayo hushikwa wima, lenzi ikiwa usawa wa katikati ya shina. Picha iliyopigwa kutoka juu huufanya mche uonekane mfupi.

Kimo huhesabiwa kuanzia ukingo wa chungu hadi ncha inayochipua, si hadi kwenye ncha ya jani. Majani hulegea kwa jua la mchana na kuinuka yakipata maji, ilhali udongo hushuka kila unapomwagiliwa, ukingo haubadiliki.

Kwenye kompyuta, programu ya bure ya ImageJ hutosha. Mstari huchorwa juu ya sentimita 10 za rula, kisha urefu huo huingizwa kupitia `Analyze > Set Scale`. Tuseme sentimita hizo 10 ni pikseli 800, yaani pikseli 80 kwa kila sentimita. Mche wenye pikseli 520 una sentimita 6.5. Wiki inayofuata simu imesogezwa karibu kidogo: sentimita 10 sasa ni pikseli 900, na mche ni pikseli 819, yaani sentimita 9.1. Mche umeongezeka sentimita 2.6, sawa na asilimia 40. Anayelinganisha pikseli peke yake angedhani umeongezeka zaidi ya asilimia 57. Ndiyo maana kila picha hupigiwa hesabu kwa rula yake yenyewe.

Ili kujua kipimo kinaaminika kiasi gani, mche mmoja hupigwa picha tatu siku hiyohiyo, rula na simu zikiondolewa na kupangwa upya kila mara. Vipimo vikipishana milimita 3, ongezeko la milimita 2 haliwezi kuitwa ukuaji.

Hata kipimo sahihi hakielezi kila kitu. Mche uliokosa mwanga hurefuka upesi, shina likiwa jembamba na majani ya rangi hafifu. Kwa hiyo unene wa shina na idadi ya majani, ambavyo picha hiyohiyo huonyesha, huandikwa pamoja na kimo.