Kinachokula Ukuta wa Mji Mkongwe

Jirani yangu wa Malindi aliniita nitazame ukuta wake. Aliupiga lipu ya saruji kwa gharama kubwa, na sasa inabanduka mapande-mapande, nyuma yake ukitoka unga mweupe. "Bwana, hata jiwe huoza?" akaniuliza. Nikamjibu huoza, ila si kila mahali kwa namna moja.

Kule Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, mchana maji ya theluji huingia katika nyufa za mawe ya volkano. Usiku huganda, na maji yakiganda huvimba kwa kadiri ya asilimia 9. Ufa hupanuka kidogo, kesho yake tena, mpaka jiwe hupasuka vipande vyenye ncha. Kazi hiyo hutaka jiwe lenye nyufa na baridi inayokwenda na kurudi kwenye sufuri. Unguja baridi hiyo haipo, hata kipupwe kivume vipi.

Kwetu mla mawe ni mvua. Matone hubeba hewa ya kaboni yakawa asidi hafifu, na yakipita kwenye udongo wenye majani yaliyooza huzidi ukali. Itale ya Mwanza haiyeyuki hivyo. Joto na mvua huigeuza sehemu yake kuwa udongo wa mfinyanzi, polepole sana. Lakini jiwe letu la matumbawe ni chokaa tupu. Lidondoshee ndimu uone povu. Ndivyo lilivyochimbika pango la Mangapwani, na ndiyo sababu uwanda wa Makunduchi una mawe makali yenye mashimo, na udongo umejificha mifukoni mwake.

Nao viumbe husaidia uharibifu. Ndege huacha mbegu ya mtini ufani, mizizi hufuata unyevu, hunenepa na kusukuma mawe, huku ikitoa asidi yake. Mti huo haujali sana aina ya jiwe; hutaka ufa na maji. Ukikata shina tu, utachipua tena.

Sasa ule unga mweupe. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji huuziba. Maji yenye chumvi hukaukia nyuma ya lipu, chumvi ikaganda na kukua, ikasukuma kama barafu ya Kibo, bila baridi yoyote. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio mtupu, lipu imeshaachana na jiwe.

Jirani alitaka apige saruji nzito zaidi. Nilimsihi aibandue yote, auache ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha apige lipu ya chokaa. Kabla ya hayo tulipanda juu ya paa: bomba la mvua limepasuka, na maji yote yanateremkia ukutani pale pale.